Kutofautisha «beau» na «bon» katika Kifaransa

«Nikisema 'bon', mwalimu anasikia 'bong''. Nitajuaje kama irabu yangu imepita puani?»

Habari ndugu. Kagua ulimi kabla ya pua. Vuta irabu ya «bon» kwa sekunde 3, kisha unyamaze. Ikiwa mwishoni nyuma ya ulimi imegusa kaakaa, kama mwanzoni mwa «ng'ombe», umeongeza konsonanti ambayo haitamkwi katika Kifaransa sanifu. Kosa hilo nililibeba mwaka mzima nikisoma hapa Nairobi, nikidhani tatizo ni pua.

Sasa vuta irabu ya «beau» huku ukibana na kuachia pua: sauti haibadiliki, kwa sababu kaakaa laini limeziba njia ya puani. Rudia kwa «bon», nawe utahisi mtetemo vidoleni na sauti ikififia kila unapobana. Katika «bonne» irabu hupita mdomoni, na pua hufanya kazi hasa kwenye «n».

Kwa Kireno, jaribu «lá» na «lã» vivyo hivyo, ila mdomo hufunguka kidogo zaidi kwenye «lá», kwa hiyo tofauti si ya pua pekee. Ukisikia «m» fupi katika «campo», usiifute. Wenyewe huitamka mara nyingi.