Kupanga Upya Rasimu ya Mpango wa Biashara: Mfano wa Kinu cha Unga Katuba

Rasimu nyingi za mpango wa biashara ninazoletewa hapa Lubumbashi zina habari za kutosha, ila zimeandikwa kwa mfuatano wa mazungumzo, kiasi kwamba bei ya mahindi inakuta habari za wateja katikati ya maelezo ya mashine. Afisa wa mikopo hawezi kuisoma rasimu ya namna hiyo, kwa sababu anatafuta mambo manne: muhtasari, soko, uendeshaji na fedha. Nitaeleza jinsi ninavyoipanga upya, nikitumia rasimu ya mama mmoja wa Katuba aliyetaka mkopo wa kununua kinu cha kukoboa na kusaga mahindi.

Kabla ya kuhamisha chochote, chapisha rasimu kwenye karatasi na uweke herufi pembeni mwa kila sentensi: S kwa soko, U kwa uendeshaji, F kwa fedha. Muhtasari usiupe herufi, kwa maana utaandikwa mwisho. Sentensi isiyopata herufi yoyote, kama ile iliyosimulia jinsi wazo la biashara lilivyomjia, huondolewa. Sentensi inayodai herufi mbili au tatu ndiyo ya kushughulikia kwa makini kuliko zote.

Katika rasimu ya yule mama kulikuwa na sentensi hii: «Mahindi hupanda bei kuanzia Desemba hadi Machi, kwa hiyo nitanunua mengi baada ya mavuno ili wateja wangu wasikose unga.» Tuliikata vipande vitatu. Kwamba wateja hukosa unga wa bukari kwa bei nafuu katika miezi hiyo, hilo ni soko. Mahali pa kuweka mahindi, jinsi ya kuyakausha na kuyakinga na wadudu, hayo ni uendeshaji. Pesa ya kununulia akiba hiyo ni fedha, na hapo ndipo pengo lilipoonekana: rasimu iliomba dola 6,500 za mashine, wala haikutaja popote pesa ya mahindi. Akiba aliyoikusudia ilikuwa tani 24, na kwa bei aliyoiandika mwenyewe, yaani dola 300 kwa tani, ingemgharimu dola 7,200, kiasi kinachozidi bei ya mashine. Laiti angepewa mkopo aliouomba, angekuwa na kinu kisicho na mahindi.

Hatua inayofuata ni kulinganisha soko na uendeshaji. Chini ya soko, mama huyu aliandika kwamba atauza mifuko 300 ya kilo 25 kila wiki, akitegemea wauzaji wa rejareja waliomwahidi kununua. Chini ya uendeshaji tulikusanya yale aliyoyataja huku na huku: mashine inapokea kilo 200 za mahindi kwa saa, na umeme wa kutegemewa mtaani kwake ni saa 5 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Hizo ni kilo 6,000 za mahindi. Mahindi yakishakobolewa na kusagwa, yeye hupata unga wa asilimia 80 hivi ya uzito wake, basi unga ni kilo 4,800, yaani mifuko 192. Mifuko 108 iliyobaki ilikuwepo kwenye karatasi tu. Katika hali kama hii ninashauri kupunguza mauzo badala ya kuongeza saa za umeme ambao haupo. Na kama mtu anataka jenereta, gharama ya mafuta lazima iingie kwenye fedha siku hiyo hiyo. Kilo 1,200 za pumba, ambazo rasimu ilizisahau, zina wanunuzi miongoni mwa wafugaji wa kuku na nguruwe, nazo tuliziandika kwenye soko.

Sehemu ya fedha haipaswi kuzaa tarakimu mpya ya mauzo wala ya kiasi cha mahindi. Inachukua zile za soko na uendeshaji na kuzipa bei. Mifuko 192 kwa dola 14 ni dola 2,688 kwa wiki, na ukitoa mahindi ya dola 1,800 zinabaki dola 888 za kulipia umeme, mishahara, mifuko, kodi ya nyumba na marejesho ya mkopo. Eleza pia kwamba unga unauzwa kwa faranka ilhali mkopo unarudishwa kwa dola, na uoneshe marejesho yatakuwaje faranka ikishuka thamani.

Muhtasari ukaja mwisho, nusu ukurasa: kinu kiko wapi, kinamuuzia nani, mifuko 192 kwa wiki, mahitaji ya dola 13,700 kwa mashine na akiba ya mahindi, ambapo dola 4,000 ni zake mwenyewe na dola 9,700 ni mkopo. Kisha nilimwomba apitie kila tarakimu ya muhtasari kwa kalamu na kuandika pembeni ukurasa inakotoka. Isiyokuwa na ukurasa ilifutwa.