Nguru wa Sentimita 70 Anavyogeuzwa wa 140

Kijana mmoja wa Nungwi ameniandikia akiuliza apigwe vipi picha ili nguru wake atoke mkubwa. Namjibu mbele ya wote, maana mchezo huu umeshatuharibia sana sisi wa mshipi.

Kamera huwekwa karibu, tuseme sentimita 120 kutoka kifuani mwa mvuvi. Mvuvi ananyoosha mikono, samaki anafika sentimita 60 mbele ya kamera. Kilicho nusu ya masafa huonekana mara mbili, kwa hiyo nguru wa sentimita 70, ukimlinganisha na mwili ulio nyuma yake, anasomeka wa 140. Na uongo wa urefu ndio mdogo. Uzito hufuata urefu, upana na unene kwa pamoja: mbili mara mbili mara mbili, nane. Nguru wa 70 ana kama kilo mbili na nusu, picha inamtangaza wa ishirini. Lenzi ya 0.5x inazidisha, kwa sababu mpiga picha anaweza kusogea karibu zaidi na bado mtu na samaki wakaenea.

Ukitaka kujua, tazama mikono. Mkono wa mtu mzima, kutoka kifundo hadi ncha ya kidole cha kati, hukaribia urefu wa uso wake, kidevuni hadi nywele zinapoanzia. Mkono ulioshika samaki hukuzwa pamoja naye. Ukiuona umeuzidi uso mara moja na nusu, gawa urefu wa samaki kwa moja na nusu. Wanaolijua hili huficha vidole nyuma ya samaki, basi picha isiyo na vidole msiiamini.

Hasara yake ni hii. Mtu anaona nguru wa kilo ishirini wa mkondo wa Pemba, anaongeza petroli, anafunga waya mnene na ndoana kubwa. Nguru wadogo waliopo wanauona waya, hawagusi. Anarudi mtupu, na tangu siku hiyo hata ukimpa habari ya kweli ya mwamba na maji hakusikilizi. Aliyevua mkubwa kweli naye anaitwa mwongo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ndugu zangu, tunategemeana kwa habari, tusizichafue.

Mlaze samaki ubavu, tandaza tepu chini yake, sifuri kwenye ncha ya mdomo uliofungwa, usome kwenye panda ya mkia. Tepu isipite juu ya tumbo, mviringo wa mwili utaongeza sentimita. Simu iwe juu yake moja kwa moja, ikitazama chini. Ukitaka nawe uonekane, mbane samaki kifuani, kunja viwiko, mwenzako arudi nyuma mita 4 na kuvuta 2x. Kwa masafa hayo, hata mikono ikinyooka, wa 70 ataonekana kama wa 82 tu. Uzito upime ukishafika pwani, kwani mizani ya kuning'iniza chomboni huruka na mawimbi.