Vitamini C ya juisi iliyolala

“Napima vitamini C kwa titresheni, yaani kudondoshea iodini hadi vitamini iishe. Juisi ileile ya chungwa, 20 ml: leo imekula iodini 11.0 ml, baada ya siku tatu kwenye friji 8.5. Nimekosea wapi?”

Hujakosea. Kama iodini yako ni 0.005 M, kila ml ni 0.88 mg ya vitamini C, kwa hiyo umeshuka kutoka 9.7 hadi 7.5 mg. Hewa iliyobaki juu ya juisi imegeuza sehemu ya vitamini kuwa asidi ya dehidroaskobiki. Hiyo haili tena iodini, ingawa mwili bado unaitumia. Titresheni haiioni tu. Safari ijayo jaza chupa hadi shingoni.

— Kwani si joto ndilo linaloua? Na juisi yangu ya dukani mbona imekula iodini nyingi kupita kiasi?

— Joto huharakisha tu. Yako soma lebo: salfaiti, kihifadhi cha vyakula, nayo hula iodini.