Sarafu mbili na nukta tano: nilivyoelewa modeli inapoing'ang'ania data kupita kiasi

Usiku wa kuamkia mtihani wa ujifunzaji wa mashine nilikuwa ninaweza kutamka maana ya ovafitingi bila kukosea neno: modeli inakariri data ya mafunzo na kushindwa kwenye data mpya. Nilikuwa nimeandika maneno hayo mara nyingi, lakini ilipofika saa sita nilijiuliza swali dogo lililonifunga mdomo. Kukariri kuna ubaya gani? Modeli iliyokariri nukta tano kwa usahihi imeshika mambo matano ya kweli. Kwa nini kuyashika kuifanye ikosee jambo la sita?

Naandika haya kwa ajili ya mwanafunzi aliyekwama hapo nilipokwama, na ushauri wangu ni kwamba aache kwanza kusoma maelezo, achukue kalamu na sarafu mbili, kisha atengeneze data ambayo ukweli wake anaujua mwenyewe. Data ya vitabuni haitufai kwa kazi hii, kwa sababu hatujui ni sehemu gani ya kila namba iliyo kanuni na ni sehemu gani iliyo bahati tu, yaani ile tunayoiita kelele.

Nilichagua kanuni y = 2x + 1, ambayo kwa x kuanzia 1 hadi 5 inatoa 3, 5, 7, 9 na 11. Kisha kwa kila nukta nilirusha sarafu mbili: zikiangukia zote upande wa picha niliongeza 1, zikiangukia zote upande wa namba nilipunguza 1, na zikitofautiana niliiacha namba kama ilivyo. Nilipata 3, 6, 6, 9 na 12. Nukta ya pili na ya tano zilikuwa zimepandishwa, ya tatu ilikuwa imeshushwa, na mbili zilizobaki hazikuguswa.

Sasa nilikuwa na modeli mbili za kushindanisha. Ya kwanza ilikuwa mstari mnyoofu uliotafutwa kwa njia ya miraba midogo kabisa, ambao ulitoka y = 2.1x + 0.9; haukupita katika kila nukta, na wastani wa miraba ya makosa yake ulikuwa 0.54. Ya pili ilikuwa polinomia ya daraja la nne. Polinomia hiyo ina vigawo vitano, na kwa kuwa nukta nazo ni tano zenye x tofauti, inaweza kupita katika kila moja bila kosa lolote. Mtu akiangalia data ya mafunzo peke yake ataichagua hii ya pili bila kusita.

Kuikokotoa polinomia hiyo mahali x ni 6 hakuhitaji kompyuta. Kwa kuwa x zinapanda kwa hatua sawa, inatosha kuandika tofauti za namba zinazofuatana, kisha tofauti za tofauti hizo, hadi ibaki namba moja:

```
3     6     6     9     12
   3     0     3     3
     -3     3     0
         6    -3
           -9
```

Polinomia ya daraja la nne ni ile ambayo tofauti yake ya nne haibadiliki, kwa hiyo -9 ya chini kabisa inarudiwa na tunapanda nayo kwa kujumlisha: -3 na -9 ni -12, 0 na -12 ni -12, 3 na -12 ni -9, na hatimaye 12 na -9 ni 3. Polinomia isiyo na kosa hata moja ilikuwa inatabiri 3. Mstari ulitabiri 13.5. Nilirusha sarafu kwa nukta ya sita, zikatofautiana, na jibu likawa 13.

Bado nilikuwa nimeona tukio tu, sijaona sababu. Kilichonifungua macho ni hatua iliyofuata, na ndiyo ninayomsihi msomaji asiiruke. Niliibadilisha nukta ya nne kutoka 9 kuwa 10, kama vile sarafu zake zingeangukia upande wa picha, nikarudia hesabu yote. Utabiri wa polinomia ulitoka 3 ukaenda -7, wakati ule wa mstari ulitoka 13.5 ukafika 14. Kelele ya kipimo 1 kwenye nukta moja ilikuwa imezaa badiliko la 10 upande mmoja, na la nusu tu upande mwingine. Hapo nikaelewa kwamba nilikuwa nimeshikilia neno lisilofaa. Ubaya hauko katika kukumbuka. Ili ipite kwenye kila nukta, polinomia inalazimika kujipinda kufuata bahati ya sarafu, na kila pindo linaendelea hadi mahali ambapo hakuna nukta ya kulizuia.

Nilirudia pia bila sarafu kabisa, kwa 3, 5, 7, 9 na 11. Tofauti za pili zote zikawa sifuri, na polinomia ileile ya daraja la nne ikatabiri 13 sawasawa. Kwa hiyo daraja kubwa peke yake si kosa, na kosa sifuri kwenye mafunzo peke yake si ushahidi wa hatia. Madhara yanatokea pale uhuru mwingi wa modeli unapokutana na kelele huku nukta zikiwa chache. Vigawo vitano mbele ya nukta mia zenye kelele haviwezi kuzifuata zote, na hapo modeli inalazimika kutafuta mwelekeo wa jumla.

Mwenzangu wa chumbani, ambaye naye hakuwa amelala, aliitazama karatasi yangu akasema, "Ndugu yangu, umeionea polinomia. Umeipeleka nje ya data, na huko modeli nyingi hupotea." Alikuwa na haki, na pingamizi hilo linastahili jibu la hesabu. Tuliiondoa nukta ya pili, yenye 6, tukazifunza modeli kwa nukta nne zilizobaki. Polinomia inayopita katika nukta zote nne, sasa ya daraja la tatu, ilitabiri 3.75 mahali hapo, na mstari ulitabiri takriban 4.7. Zote mbili zilikosea, ila mstari ulikosea kwa 1.3 hivi na polinomia kwa 2.25. Tulipoiondoa nukta ya tatu badala yake, zote zilitoa 7.5, zikawa sawa kabisa. Ndani ya data, basi, madhara ni madogo na hayaonekani kila mahali, na ndiyo maana huondoi nukta moja tu ukatoa hukumu: unaziondoa zote kwa zamu na kuchukua wastani wa makosa.

Tulizima taa saa nane na nusu. Asubuhi swali la tatu lilikuwa na jedwali la modeli mbili, moja ikiwa na kosa dogo sana kwenye mafunzo na kubwa kwenye majaribio, likatutaka tueleze sababu. Niliandika kwamba modeli hiyo imefuata kelele ya data iliyopewa, na kwamba ingefunzwa kwa sampuli nyingine kutoka chanzo kilekile, utabiri wake ungebadilika sana. Kisha nikachora pembeni nukta tano na pindo linaloshuka hadi 3.