Kabla hujaandika kwamba neno limebadilisha shina zima

Ukianza kuchambua maumbo ya maneno, utavutiwa sana na jozi zisizofanana hata herufi, mfano wa Kiingereza *go* na *went*, au *good* na *better*. Wageni wa kazi hii huziona kila mahali. Wengi hukosea kwa sababu wanatazama sura ya maneno peke yake, ilhali swali la kwanza linahusu nafasi: je, maumbo haya mawili yanajaza nafasi mbili za jedwali moja, jedwali ambalo maneno mengine yote ya aina hiyo yanalijaza kwa shina moja?

Chukua namba za Kiswahili. Andika safu mbili, upande mmoja za kuhesabia na upande wa pili za mpangilio: tatu, wa tatu, nne, wa nne, tano, wa tano, sita, wa sita. Kanuni iko wazi: unaweka kihusishi cha *-a* mbele ya namba. Sasa panda juu ya safu. Kwa *moja* kanuni inataka *mtu wa moja*, lakini tunasema *mtu wa kwanza*. *Kwanza* ni kitenzi cha kuanza, *ku-* na *-anza* zikiungana jinsi zilivyoungana katika *kwenda* na *kwisha*. Hakina undugu wowote na *moja*. Kimechukuliwa kutoka neno lingine kabisa kikapewa nafasi ambayo *moja* ilipaswa kuijaza.

Kabla ya kuandika hitimisho, fanya majaribio matatu. La kwanza: kuna badiliko la sauti linaloweza kuitoa *kwanza* katika *moja*? Hakuna. La pili: kuna neno jingine linalobadilika kwa namna hiyohiyo? Likiwepo, ulichonacho ni kanuni ndogo, si shina lililobadilishwa. La tatu, ambalo husahaulika: umbo linalotarajiwa limezuiwa? Hapa limezuiwa, maana *mtu wa moja* kwa maana ya mpangilio msemaji atakurekebishia palepale. Majaribio yote matatu yakipita, una haki ya kusema shina zima limebadilishwa.

Usiishie hapo, angalia badiliko linafika wapi. Baada ya kumi tunasema *wa kumi na moja*, *wa ishirini na moja*. Hakuna anayesema *wa ishirini na kwanza*. Kiingereza kinafanya kinyume kwa ishirini na moja: *twenty-first*, *first* inabaki. Kwa hiyo ukiandika tu kwamba "mpangilio wa moja ni kwanza", maelezo yako yatatoa makosa kuanzia namba 11 kwenda mbele. Mpaka wa badiliko ni sehemu ya maelezo.

Na *wa pili* je? Hapa ndipo wengi huteleza. *Mbili*, *wawili*, *viwili* na *pili* zote zina *-ili* mwishoni, na konsonanti ya mbele ndiyo inayobadilika. Ile *p* haitoki kwa kanuni unayoweza kuitumia kwingine leo, lakini shina bado linaonekana. Liite umbo lisilo la kawaida, usiliite shina jipya. Linganisha na Kiingereza, ambako *two* na *second* hazina hata sauti moja ya pamoja, kwa kuwa ya pili ilikopwa kutoka Kifaransa.

Kwa vitenzi, *went* yenyewe ni somo zuri. Ukiitazama pembeni mwa *sent* ya *send* na *bent* ya *bend*, utaona ni wakati uliopita wa kawaida kabisa, ila wa kitenzi *wend*. Zamani *go* ilikuwa na umbo la wakati uliopita *eode*, nalo tayari lilikuwa la shina jingine; *went* ikalisukuma nje, na kufikia karne ya 15 ilikuwa imeshika nafasi hiyo kusini mwa Uingereza. *Wend* ikabaki bila wakati uliopita, ikajitengenezea *wended*. Kwa hiyo kasoro haimo ndani ya umbo *went*. Imo katika nafasi liliyoikalia.

Katika Kiswahili mfano wenye nguvu kuliko yote ni kitenzi cha kuwa. *Yeye ni mwalimu. Alikuwa mwalimu. Atakuwa mwalimu. Yeye aliye mwalimu.* Mashina ni matatu: *ni*, *-wa* na *-li*. Hili la tatu ndilo linaloharibu takwimu za watu. *Aliye* ni *a-li-ye*, na hiyo *-li-* ni kitenzi chenyewe, maana yake "ambaye ni", wakati uliopo. Ndiyo hiyohiyo iliyomo katika *angali mgonjwa*. Ukihesabu kila *-li-* katika matini kama alama ya wakati uliopita, *rais aliye madarakani* ataingia kwenye kapu moja na *rais aliyekuwa madarakani*, wakati mmoja bado anatawala na mwingine ameshaondoka. Kipimo ni rahisi: baada ya *-li-* na kirejeshi kama *-ye*, tafuta shina la kitenzi. Kama halipo, *-li-* ndiyo kitenzi.

Kisha kuna amri tatu ambazo vitabu huziweka fungu moja: *lete*, *nenda*, *njoo*. Zitenganishe. *Lete* ina *-let-* kamili, irabu ya mwisho tu ndiyo tofauti. *Nenda* ina *-enda* nzima na *n* iliyoongezwa. Hizo si shina jipya. *Njoo* ni ngumu zaidi. Vitenzi vya silabi moja hubaki na *ku-* katika amri: *kula!*, *kunywa!* Tungetarajia *kuja!*, nayo imezuiwa. Hata hivyo *j* ya *-ja* imo, na lahaja zinaunga mkono undugu huo: Kiamu husema *kuya* na *ndoo*, kama kinavyosema *moya* kwa moja na *ndia* kwa njia. Kisichoelezeka ni *-oo*, na hakuna kitenzi kingine chenye mwisho huo katika amri. Mimi ningeliandika kama badiliko nusu, na kueleza sehemu gani inafanana na ipi haifanani. Tena ni katika amri ya moja kwa moja tu: *uje*, *mje*, *usije* ni za kawaida.

Amri ya kuja inafaa kuchunguzwa katika kila lugha utakayoichambua huku kwetu na jirani. Kisomali kina *kaalay* kwa "njoo" lakini *yimid* kwa "alikuja". Kiamhari kina *na* na *metta*. Kiarabu kina *ta'aal* na *jaa*. Kwa hiyo ukikaa na msemaji, usimwombe kitenzi kwa umbo la kutaja peke yake. Omba na amri ya mtu mmoja, amri ya wengi, na katazo.

Mtego wa mwisho ni *bora*. Usiiweke kama daraja la juu la *-zuri* kwa kuiga *good* na *better*. *Nzuri zaidi* inasemwa bila shida, na *bora zaidi* pia. Hakuna kilichozuiwa, kwa hiyo jaribio la tatu limeshindwa. Ni vivumishi viwili. Vivyo hivyo kuku na jogoo, au ng'ombe na ndama: Kiswahili hakina jedwali la jinsia wala la umri ambalo majina yote hulijaza, basi hakuna nafasi iliyoporwa.

Unapoingiza matokeo kwenye kamusi, weka kidahizo kimoja chenye maumbo yote, kisha umbo geni lipewe mstari wake mfupi wa kumwelekeza msomaji: *njoo*, tazama *ja*. Anayejifunza lugha atatafuta alichokisikia, naye hajasikia *ja*.