Mwenyekiti asiyetoka: maneno machache yanayomshikilia kitini

*Kanisa letu liko Mikindani, waumini 62 kwenye rejista. Mwenyekiti alichaguliwa 2014. Katiba yasema: "Viongozi watahudumu mihula miwili ya miaka mitatu, hadi viongozi wengine watakapochaguliwa. Kiongozi aweza kuondolewa na theluthi mbili ya wanachama akikosa nidhamu." Yeye asema hajavunja kifungu chochote. Tuandikeje ili pasiwe na utata? – Katibu, Mikindani*

Katibu, litakuuma, lakini kwa maandishi hayo mwenyekiti wako ana pa kushikia. "Hadi viongozi wengine watakapochaguliwa" ni mlango wa nyuma. Uchaguzi usipoitishwa, hakuna aliyechaguliwa, kwa hivyo yeye bado yupo. Na mwenye kuitisha mikutano ni nani? Ni yeye mwenyewe.

Futeni maneno hayo, muweke haya:

"Muhula wa afisa ni miaka 3 tangu siku ya kuchaguliwa. Mtu hatashika cheo kimoja zaidi ya mihula 2 maishani, iwe mfululizo au kwa kupumzika. Aliyejaza nafasi kwa zaidi ya miezi 18 atahesabiwa muhula mzima. Mihula iliyotumikiwa kabla ya kifungu hiki inahesabiwa. Muhula ukiisha bila uchaguzi, cheo ki wazi, na wazee 3 wasio maafisa wataitisha uchaguzi ndani ya siku 30. Hawatakuwa na mamlaka mengine."

Msiondoe neno "maishani". Bila hilo, mtu hupumzika mwaka mmoja akarudi kuanza kuhesabu upya. Sentensi ya mihula ya zamani nayo msiiogope kwa sababu ya heshima. Mkiiacha, mwenyekiti wenu ataanza moja.

Sasa hiyo theluthi mbili, ambayo ndiyo inayonichosha. Kila wiki naletewa katiba yenye maneno hayo, na kila mtu anaamini yanaeleweka. Theluthi mbili ya nani? Chukua kanisa lenu. Ikiwa ni ya waumini wote 62, mwahitaji kura 42. Tuseme mkutanoni wamekuja 34. Hata wote wakinyanyua mkono, mwenyekiti hatoki. Ikiwa ni ya kura halali zilizopigwa, na 3 kati ya hao 34 wameharibu kura, zimebaki 31, na kura 21 zamtoa. Katiba ni ileile na watu ni walewale, lakini jibu ni tofauti kabisa. Kila upande utachagua hesabu inayoufaa, na hapo ndipo kanisa hugawanyika kabla hata ya kosa lenyewe kujadiliwa.

Andikeni: "Afisa ataondolewa kwa theluthi mbili za kura halali zilizopigwa kwa siri, katika mkutano uliohudhuriwa na angalau nusu ya waumini walio kwenye rejista." Nusu yenu ni 31, kwa hivyo kikundi cha watu kumi hakiwezi kumvizia mtu Jumapili ya mvua.

"Akikosa nidhamu" nayo haina mwisho. Tajeni makosa: kutumia pesa bila idhini, kukosa mikutano 3 mfululizo bila taarifa, kukataa kukabidhi vitabu au stakabadhi za benki. Kisha mpangilie njia: waumini 12 watie sahihi barua yenye shutuma, mshtakiwa apewe nakala siku 14 kabla ya mkutano, ajitetee kabla ya kura, na asiendeshe kikao hicho. Mwenyekiti asipoitisha mkutano ndani ya siku 14 tangu kupokea barua, waliotia sahihi wauitishe wenyewe. Bila sentensi hiyo ya mwisho, mwarudi palepale pa kwanza.

Lakini msiende kununua katiba saiba. Kuna kanisa lilinijia na katiba lililouziwa tayari imepigwa chapa, na humo afisa anaondolewa "akishindwa kurejesha mkopo". Muuzaji alinakili ya chama cha akiba, akabadilisha jina tu. Hao hawakuulizi una waumini wangapi, wala nani anaitisha mikutano.

Kosa jingine ni kupitisha marekebisho leo, kisha kumwondoa mtu Jumapili ijayo. Ikiwa mmesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama ya Kenya, Sura 108, mabadiliko ya katiba yanahitaji kwanza kibali cha maandishi cha Msajili wa Vyama. Kura iliyopigwa kwa kifungu ambacho hakijakubaliwa ni rahisi kubatilishwa. Mkishabadilisha maafisa, Msajili ajulishwe ndani ya siku 14. Mkizozana nani ndiye afisa halali, ana uwezo wa kuwataka mthibitishe kwamba mmesuluhishana, na msipofanya hivyo usajili wenyewe waweza kufutwa. Nimeona pande mbili zikipeleka orodha mbili za maafisa, kila moja ikiwa na muhuri wake.

Kabla ya kupeleka rasimu, mpe yule mzee mbishi zaidi kanisani. Mwambie ajifanye mwenyekiti asiyetaka kutoka, atafute tundu. Akilipata, nitumie sentensi hiyo peke yake.