Kifurushi cha mchumba kimekwama forodhani

"Tumechati miezi 7 na mhandisi aliyeko Uingereza. Sasa zawadi aliyonitumia imezuiwa forodhani Dar, wakala anataka 850,000. Nilipe?"

Dada, usilipe. Ushuru halali hulipwa serikalini kwa kumbukumbu namba ya malipo inayotolewa kupitia TRA, wala hautumwi kwenye simu ya mtu binafsi.

Rudi mwanzo wa mazungumzo, uandike kando kila alipoomba fedha na yaliyotangulia ombi hilo. Nilipofanya hivyo kwa aliyenilaghai, niliona kila ombi lilifuata siku kadhaa za maneno matamu, na kila nilipolipa ilizuka gharama nyingine: usafirishaji, ushuru, kisha "cheti" cha dola zilizodaiwa kukutwa ndani ya kifurushi, pamoja na vitisho vya kukamatwa.

Kama umeshatuma chochote, usifute ujumbe. Ijulishe kampuni yako ya simu leo hii, kabla fedha hazijatolewa, kisha upeleke polisi picha za mazungumzo na kumbukumbu za miamala.